Saa Tatu ya Wapi? Kuandika Maneno ya Mshereheshaji kutoka Picha ya Ratiba

Sisi wa ughaibuni hatuajiri mshereheshaji. Tunamtafuta ndani ya ukoo au ndani ya jumuiya, yule aliyewahi kushika maikrofoni kwenye kipaimara cha mtoto wa fulani bila kutetemeka, na tunamtumia picha. Picha yenyewe ni ya karatasi ya ratiba iliyopigwa juu ya meza ya jikoni, kivuli cha mkono kikiwa pembeni, na chini yake ujumbe mmoja: "Kaka, hii ndiyo ratiba, tunakutegemea." Harusi ni Jumamosi ijayo.

Mimi ni dereva wa basi hapa Reading, Uingereza. Ushereheshaji ni kazi yangu ya Jumamosi, tena malipo yake mara nyingi ni sahani ya pilau ya kwenda nayo nyumbani. Lakini kuendesha basi kumenifundisha kusoma ratiba kwa jicho ambalo wengi hawana. Ratiba ya basi iliyotengenezwa vizuri huhesabu muda wa abiria kupanda, wa taa nyekundu, na dakika chache za kupumua mwisho wa njia. Ratiba ya harusi huhesabu tukio peke yake. Imeandikwa "Keki, dakika ishirini", na hakuna aliyehesabu muda wa maharusi kunyanyuka, gauni kushikwa, kisu kutafutwa na mpiga picha kusema bado.

Ndiyo maana siku ile ya kupokea picha siandiki neno hata moja. Kwanza naisoma picha, halafu nahesabu dakika. Maneno huja mwisho. Nitaeleza kwa kutumia harusi moja ya Agosti iliyopita, ya wageni 140, bwana harusi akiwa ni wa Moshi na bibi harusi naye amelelewa huko huko na bibi yake mzaa mama.

Picha iliyonifikia ilikuwa na mkunjo katikati ya karatasi, na mkunjo umepita juu ya tarakimu. Nikamwomba dada wa bibi harusi, aliyekuwa ameituma, anitumie tena kwa njia ya kuambatisha faili, kwa sababu WhatsApp hubana picha za kawaida na maandishi madogo hugeuka ukungu. Nikamuuliza pia kama karatasi ina upande wa pili. Ulikuwepo, na huko ndiko kulikokuwa na majina yote ya utambulisho. Akaninyunyizia na habari ya tatu: karatasi ile ilinakiliwa kutoka harusi ya rafiki yake, wakabadilisha majina na saa. Habari hiyo niliiweka akilini, na baadaye ilinifaa kuliko zote.

Sasa ratiba yenyewe. Kwa kifupi ilisomeka hivi: saa 11:00 wageni kuwasili, 12:00 maharusi kuingia, 12:15 sala, 12:20 utambulisho, 12:40 shampeni na kugonganisha glasi, 12:55 keki, kisha 7:15 chakula, 2:15 nasaha za wazazi, 2:45 zawadi, 3:00 salamu za Bibi kwa simu ya video, 3:15 shukrani za maharusi, 3:30 muziki na dansi, 5:00 mwisho.

Umeiona ile 7:15? Orodha yote imeandikwa kwa saa zetu, za kuhesabu kuanzia jua kuchomoza, isipokuwa mstari wa chakula. Mpishi ndiye aliyetoa saa yake, na mpishi huyu hupanga kazi yake kwa saa ya Kiingereza: saba na robo ya jioni, ambayo kwetu ni saa 1:15 usiku. Aliyechapa karatasi akaipachika kama alivyoipokea. Kosa la namna hii halionekani ukiusoma mstari mmoja mmoja. Linaonekana ukisoma safu ya saa peke yake kutoka juu hadi chini, kama ngazi. Kwa saa zetu ngazi ya jioni hupanda hadi 12 na dakika zake, halafu huanza tena na 1. Ukiona namba imeruka kutoka 12:55 hadi 7:15 kisha imerudi 2:15, ongeza au punguza sita uone kama itaingia kwenye ngazi. Saba ukitoa sita ni moja. Imeingia.

Tangu hapo kila kadi yangu ina saa mbili ubavuni: ya kwetu kwa wino mweusi, na ya Kiingereza kwa wino mwekundu. Nyeusi ni ya familia na kamati. Nyekundu ni ya mpishi, dijei na msimamizi wa ukumbi, ambao mkataba wao unasema 23:00 na hawajui saa tano usiku ni mdudu gani. Hata watoto wetu waliozaliwa huku ndio hao hao. Ukimwambia kijana wa miaka kumi na minane awe mlangoni saa kumi na mbili kuwapokea maharusi, atafika usiku wa manane, au mchana.

Mstari ulionisumbua zaidi ulikuwa wa Bibi. Saa 3:00 usiku, kati ya zawadi na shukrani. Katika ngazi uliingia vizuri kabisa, 2:45, 3:00, 3:15, hakuna aliyeruka. Lakini Bibi hakuwa Reading. Alikuwa Moshi, hakuweza kusafiri, na huyu ndiye aliyemlea bibi harusi tangu mama yake afariki. Nikampigia dada.

"Dada, hii saa tatu ya Bibi ni saa tatu ya wapi?"

Kimya kidogo. "Si saa tatu tu, kaka? Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, niko tayari saa tatu."

Bibi alisema saa tatu akiwa Moshi, akimaanisha saa tatu ya ukutani kwake. Mwezi wa Agosti Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa saa mbili. Wakati wa baridi, baada ya Waingereza kurudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tofauti inakuwa saa tatu. Kwa hiyo saa tatu usiku ya Bibi ilikuwa saa moja usiku kwetu, kabla hata chakula hakijafunguliwa. Tungempigia kwa saa tatu ya Reading, kwake ingekuwa saa tano usiku. Mjukuu aliyepaswa kumshikia simu angekuwa amekwenda kwake, na Bibi, kwa maelezo ya dada, saa nne ni lazima awe amelala. Bibi harusi angesimama mbele ya watu 140 akitazama simu inayoita bila kupokelewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyoifanya na ile picha ilikuwa kuweka misumari. Msumari ni tukio lisilosogea, kwa sababu saa yake haimo mikononi mwetu. Harusi ile ilikuwa na mitatu. Bibi, saa 1:00 usiku. Chakula, karibu na saa 1:15, maana mpishi anatakiwa kukiweka chakula cha moto kwenye nyuzi 63 au zaidi mpaka kipakuliwe, na wali uliokaa humo muda mrefu huwa uji. Na muziki kuzimwa saa 5:00 usiku. Matukio mengine yote ni mpira: yanavutika na yanabanwa.

Ndipo nikaanza kuhesabu mpira.

Utambulisho ulipewa dakika 20. Upande wa pili wa karatasi ulikuwa na majina 57 ya pande zote mbili. Jina moja, likisomwa, mhusika akasimama, akapunga mkono na kupigiwa makofi, hula kama sekunde 20. Mara 57, ni dakika 19. Ongeza wasemaji wawili wa familia, kila mmoja akitembea hadi mbele na kusalimia, dakika tatu tatu, unafika 25. Nikawaomba wasemaji watambulishe kwa makundi: wajomba wote wasimame, wasomwe, makofi yapigwe mara moja mwishoni, halafu mashangazi. Bila makofi ya kila mtu, jina hula sekunde 12 hivi. Jumla ikashuka hadi chini kidogo ya dakika 18. Hakuna aliyeachwa, na hilo ni muhimu, kwa kuwa shangazi asiyetajwa utamsikia kwa miaka kumi.

Kugonganisha glasi ni mtego mwingine. Kwa desturi yetu watu huinuka meza kwa meza, wakicheza, kwenda kugonga glasi na maharusi. Kila mtu sekunde saba kama hana haraka, na mbele ya kamera nani ana haraka? Watu 140 ni dakika 16, na karatasi ilitoa 15 kwa shampeni na glasi pamoja. Tukakubaliana waje mbele meza kuu, wazazi na kamati tu, watu kama 30, dakika tatu na nusu. Wengine wainue glasi walipo.

Zawadi ndiyo iliyonichosha. Dakika 15 kwa makundi tisa: wajomba, mashangazi, kamati, akina mama wa kanisani, wafanyakazi wenzake bwana harusi, na wengineo. Kila kundi huingia likicheza, na kuingia kwa kucheza ni dakika nne ukijumlisha kutafutana na kujipanga. Tisa mara nne ni 36. Zile dakika 21 zilizokosekana zilikuwa zinakwenda kuliwa kwenye dansi, na vijana wasingesamehe. Nilichogundua ni kwamba nusu ya muda ule si wa kucheza. Ni wa kundi kusikia jina lake, kuinuka kutoka meza mbalimbali na kutafuta bahasha. Basi kwenye kadi nikaandika kila wito mara mbili: kundi linaloingia, na kundi linalofuata lijipange karibu na mlango. "Wajomba karibuni mbele, akina shangazi, tunawaomba mlangoni." Hapo kundi moja hushuka hadi dakika mbili na nusu, na makundi tisa ni kama dakika 23.

Bado zilipungua dakika nane. Nilizipata jikoni. Nilimuuliza mpishi meza ya bufee itakaa wapi, akasema ukutani, kama kawaida ya ukumbi ule. Meza ikiwa ukutani watu hupita upande mmoja, mstari mmoja. Mtu mmoja hupakua kwa sekunde 15, wanne kwa dakika, wageni 140 kwa dakika 35. Ukiivuta meza hatua mbili kutoka ukutani na kuweka vijiko pande zote mbili, wanapita wanane kwa dakika, na wa mwisho anapakua ndani ya dakika 18. Tulikuwa tumepata robo saa kwa kusogeza meza. Nasaha zikaanzia saa 2:00 badala ya 2:15, na zawadi zikapumua.

Baada ya hesabu, majina. Usiyasome kutoka kwenye picha, hata kama yanaonekana vizuri. Nilimwomba dada anitumie ujumbe wa sauti akisoma majina yote 57 kwa mpangilio ule ule, na kwa kila jina aseme na cheo: mchungaji, daktari, mjomba mkubwa, mama mdogo. Karatasi hupoteza vitu. Kile kialama cha ng', kama kwenye ng'ombe, huchapwa mara chache sana, na jina la ukoo huwa jingine kabisa mdomoni mwa mtu asiyelijua. Nikaandika kila jina kama linavyosikika, kwa tahajia yangu ya kienyeji, na silabi ya kukazia nikaipigia mstari.

Ndipo ile habari ya karatasi kunakiliwa ikanirudia. Kwenye utambulisho paliandikwa: "Wazazi wa bibi harusi wasimame." Kwenye keki: "Maharusi wawalishe wazazi wa pande zote." Ilikuwa sentensi ya harusi ya yule rafiki, ambaye ana wazazi wote wawili. Bibi harusi wetu hana mama. Nikamuuliza dada swali ambalo sasa namuuliza kila anayenitumia ratiba: kila palipoandikwa "wazazi", ni nani hasa atakayesimama? Akaniambia baba, pamoja na mama mdogo. Akanyamaza. "Na Bibi," akasema.

Kwa hiyo niliandika: "Baba wa bibi harusi, na mama mdogo." Neno "wazazi" halikutokea upande ule wa kadi hata mara moja, wala sikuandika maneno ya kumkumbuka marehemu, kwa sababu dada alisema bibi harusi ameomba hivyo. Mshereheshaji hana haki ya kuliza watu kwa kushtukiza. Kama familia inataka marehemu akumbukwe, waseme wenyewe, na wachague nani aseme.

Sasa tu ndipo nikaandika maneno. Kipimo changu ni maneno 100 kwa dakika. Nyumbani nasoma kwa haraka zaidi, lakini ukumbi una mwangwi, watoto wanakimbia, na lazima usubiri vigelegele vishuke. Kadi ya kuingia kwa maharusi ilikuwa hivi:

"Mabibi na mabwana, wazazi wetu, ndugu na marafiki, naomba tusimame. Walioko nyuma sogeeni kidogo, njia ya katikati iwe wazi. Akina mama, vigelegele viwe tayari. Mlangoni wapo wasimamizi, na nyuma yao ni wale tuliowasubiri tangu mchana. Dijei, tupe wimbo. Wapokeeni maharusi!"

Ni maneno 40, nusu dakika pamoja na pumzi. Kila sentensi ndani yake inamfanya mtu fulani afanye kitu: wote wasimame, wa nyuma wasogee, akina mama wajiandae, dijei abonyeze. Sentensi isiyomfanya mtu yeyote afanye kitu naiondoa, hasa zile za "kama mnavyojua ndoa ni jambo la heri". Wanajua. Juu ya kadi naandika nani athibitishe kwamba maharusi wapo mlangoni kweli (kijana mmoja wa kamati ananipungia leso), na chini yake wimbo kwa jina, kwa sababu dijei ana matoleo matatu ya kila wimbo.

Lugha mbili ni suala la hesabu pia. Palikuwa na meza mbili za Waingereza, wenzake bwana harusi kazini, na vijana wetu ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawakifuati. Ukitafsiri kila kitu, kila kadi inakuwa mara mbili na dakika zako zote zimekwisha. Mimi natafsiri agizo peke yake: simameni, inueni glasi, meza ya tatu nendeni mkapakue. Mizaha haitafsiriki, iache ilipo. Nasaha za wazee nazipa sentensi moja ya muhtasari baada ya mzee kumaliza, kamwe si katikati, maana mzee akikatizwa huanza tena mwanzo.

Kadi ya Bibi niliiandika tofauti na zote. Simu ya video ina kuchelewa kwa sauti, sekunde moja hadi mbili, na ukumbi ukijaza kimya kile kwa maneno, pande zote zinazungumza pamoja na hakuna anayesikika. Nikaandika kwa herufi kubwa: SEMA, NYAMAZA, HESABU TATU. Ijumaa usiku, saa ile ile, tulifanya jaribio na yule mjukuu wa Moshi: simu ikae kwenye chaji, ielekezwe usoni na si darini, redio izimwe. Upande wetu, simu ikaunganishwa kwa waya na projekta, na maikrofoni ikashikwa karibu na spika yake. Maneno yangu yalikuwa mistari mitatu: "Bibi, hapa Uingereza ni saa moja usiku, huko kwako ni saa tatu. Ukumbi mzima umesimama kukuamkia. Tuseme sote."

Siku yenyewe maharusi walichelewa dakika 20 kwa ajili ya picha bustanini. Hilo nililitarajia, sijaona harusi ambayo mpiga picha aliwaachia kwa wakati. Tulikuwa tumekubaliana mapema na mwenyekiti wa kamati kwamba yeye peke yake ndiye wa kuamua nini kibanwe, maana ukiwauliza watu watano ukumbini utapata ratiba tano. Saa 12:10 dereva wao alipopiga simu, nilikwenda jikoni kumwambia mpishi asifungue mpaka saa 1:30, saba na nusu yake. Kisha nikapanga kadi upya mkononi. Ndiyo faida ya kadi moja kwa kila tukio: huandiki upya, unachanganua tu kama karata. Maharusi waliingia 12:20, sala 12:35, utambulisho 12:40 ukaisha 12:58. Shampeni na keki zilitakiwa kufuata. Nikaziweka nyuma, nikatoa kadi ya Bibi. Msumari haungoji keki.

Saa 1:00 usiku uso wake ulitokea ukutani, mkubwa, na kilemba cheupe. Watu 140 wakasema shikamoo. Tukanyamaza. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Marahaba wanangu," akasema. Kisha, kabla ya baraka, kabla ya lolote: "Mmeshakula?"

Ukumbi ulicheka na bibi harusi akalia, na kile kilio kilikuwa chake mwenyewe, hakikutoka kwenye kadi yangu. Bibi aliongea dakika sita. Nilikuwa nimempa nane.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kubana na kuvuta. Shampeni na keki zikaisha 1:28, chakula 1:30, mtu wa mwisho alipakua 1:48, na saa 2:15 sahani zilikuwa zinaondolewa. Tulikuwa tumerudi palepale karatasi ilipokuwa imetaka tuwe. Nasaha, mwenyekiti alizipunguza kutoka wazungumzaji wanne hadi watatu. Aliyeachwa aliombwa kusindikiza maharusi kwenye dansi ya kwanza na akaona amepandishwa cheo. Zawadi zilianza 2:40 zikaisha 3:05. Muziki wa dansi ulifunguliwa 3:20, dakika kumi kabla ya karatasi.

Kuna jambo moja la nyumba hizi za huku ambalo haliwezi kuonekana kwenye picha yoyote, na lazima umuulize msimamizi wa ukumbi. Kumbi nyingi za Uingereza zina kifaa cha kupima kelele ukutani chenye taa. Sauti ikizidi kiwango, taa huwaka nyekundu, na ikiendelea kuwaka kwa sekunde kadhaa kifaa hukata umeme wa spika. Kilitengenezwa kwa ajili ya bendi. Hakuna aliyekiambia habari za vigelegele vya mashangazi kumi na wawili. Kwa hiyo kwenye kadi za kuingia na za zawadi niliandika kwa dijei: sauti ishuke kabla ya vigelegele, ipande baada yake. Aliniuliza kwa nini. Nikamwonyesha taa, ambayo wakati ule ilikuwa ya njano.

Kadi ya mwisho naiandika ya kwanza, mikono ikiwa bado haijachoka, kwa sababu saa nne na dakika arobaini usiku hakuna anayemsikiliza mshereheshaji. Ina mistari mifupi, kila mmoja kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza, na naisoma dijei akiwa amezima kabisa, si kupunguza. Makoti yapo chumba cha kushoto. Chakula kilichobaki kimefungwa, kiko kwa mama mdogo mlango wa jikoni. Wenye teksi waanze kuita sasa, si saa tano. Kila mtu ahesabu watoto wake. Halafu natoa nyimbo nne za mwisho, na ya nne namwachia dijei achague mwenyewe.

Saa 5:00 kamili msimamizi wa ukumbi alisimama karibu na swichi akitazama saa yake, na dijei alikuwa tayari anakunja nyaya. Tulikuwa na nusu saa ya kufagia.